Miezi 14 kwenye akaunti ya kifurushi, na kwa nini nimerudi akaunti ya kawaida

Mimi ni muuguzi, naishi Dodoma, mshahara wangu unapitia benki. Mwaka juzi maofisa wa benki walikuja kazini kwetu na fomu za akaunti ya kifurushi: unalipa ada moja kwa mwezi, halafu kutoa pesa kwenye ATM zao ni bure, kutuma benki nyingine mara mbili kwa mwezi ni bure, na kuna bima ya mkono wa pole ya shilingi milioni 2. Ada ilikuwa 12,000. Nilijaza siku hiyohiyo, kwa sababu kila nilipotoa pesa ile meseji ya makato ilikuwa ikiniuma.

Mwezi wa kwanza nilikatwa 14,160. Nilidhani wamekosea, kumbe 12,000 ni kabla ya VAT ya asilimia 18, ambayo ada za benki hapa kwetu zinatozwa tangu Julai 2016. Kwenye fomu imeandikwa, ila kwa herufi ndogo chini kabisa. Basi ukilinganisha ada, uliza kwanza kama VAT imo, maana benki moja inaweza kukutajia ikiwemo na nyingine ikakutajia bila.

Kilichonifanya nikae chini na kalamu ni msiba. Mama yangu alifariki, na baada ya mazishi nikapeleka cheti cha kifo tawini nikiwa na uhakika wa ule mkono wa pole. Dada wa dawati la huduma alinipa pole, akafungua masharti, akanionyesha kwa kidole: mwenye akaunti, mwenzi wake, na watoto wasiozidi wanne. Wazazi wamo kwenye kifurushi cha juu zaidi, cha ada kubwa kuliko yangu. Sikuwa na la kumjibu. Masharti nilikuwa nimeyasaini mwenyewe, ingawa siku ile kazini hakuna aliyetusomea sehemu hiyo, na kwa mtu kama mimi, ambaye wazazi ndio wenye umri mkubwa, hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya kusoma.

Nikaomba taarifa ya akaunti ya miezi mitatu, nikaweka alama kila muamala. Kwa wastani wa mwezi natoa ATM mara 4, natuma benki nyingine mara 1 (kodi ya nyumba), na nahamishia kwenye simu mara 6. Kwa bei za akaunti ya kawaida ya benki yangu, VAT ikiwemo, ATM ni 1,300 kila mara, yaani 5,200. Kutuma kodi ya nyumba ni 3,000. Ada ya kuendesha akaunti ni 1,800. Jumla 10,000. Kwenye kifurushi nilikuwa nalipa 14,160 kwa huduma hizohizo.

Na kule kuhamishia kwenye simu? Kifurushi hakikukugusa kabisa. Miamala yangu mingi iko huko, nalipa kama 12,000 kwa mwezi, na nililipa hivyohivyo nikiwa ndani ya kifurushi. Neno "bure" lilikuwa limekaa kwenye vitu ninavyovifanya mara chache.

Kwa hiyo ile tofauti ya 4,160 ndiyo bei niliyokuwa nalipia bima, karibu 50,000 kwa mwaka. Mwenye mume na watoto wadogo anaweza kuona inafaa. Mimi sina mume, nina mtoto mmoja, na kazini tuna mfuko wetu wa kufa na kuzikana.

Lakini mwenzangu wa wodini anajenga, analipa mafundi taslimu, anatoa ATM mara 9 kwa mwezi. Kwa bei ileile angelipa 16,500 kwenye akaunti ya kawaida, hivyo kifurushi kinamwokolea 2,340 na bima juu yake. Nilimwambia abaki. Kwa matumizi kama yetu, mpaka uko kwenye mara ya 8 kutoa ATM. Ukitoa chini ya hapo, unawalipia wengine.

Kuna jambo jingine ambalo halikuwa kwenye maelezo yao. Nilipohamishwa kituo, mshahara ulisimama miezi miwili. Kifurushi hakikusimama. Siku mshahara ulipoingia walikata ada ya miezi mitatu kwa mpigo, 42,480, wakati nina madeni ya dukani yananisubiri. Akaunti ya kawaida ingenidai 5,400.

Kutoka hakukuwa kugumu: barua tawini, kurudisha kadi, kadi mpya 10,000. Mkopo wangu haukuguswa, ila niliuliza kabla ya kusaini, kwa sababu wapo waliopewa punguzo la riba kwa sharti la kubaki kwenye kifurushi. Mwezi huu nimeangalia taarifa: kodi, ATM mara 3, ada ya akaunti. Makato 8,700.