Pawa saplai isiyo na jina na yenye alama ya 80 PLUS

Juzi mteja wa Mwanga, hapa Kigoma, aliniletea kompyuta iliyokufa. Pawa saplai yake haina jina la kampuni, ila imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Nikasoma jedwali dogo la ubavuni: laini ya volti 12 inatoa ampea 18. Zidisha, unapata wati 216. Prosesa na kadi ya picha hutegemea laini hiyo hiyo, kwa hiyo ile 500 ni mapambo tu.

Nikaiweka kando ya nyingine ya 450W, yenye alama ya 80 PLUS. Hii inatoa ampea 36, yaani wati 432. Alama hiyo ina maana kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaotoka ukutani hufika kwenye kompyuta, iwe mzigo ni asilimia 20, 50 au 100. Unaobaki hugeuka joto, na joto ndilo linalochosha kapasita.

Lakini alama haipimi kinga. Hizo zitafute kwenye maelezo: OVP hukata umeme volti zikipanda, OCP ampea zikizidi, SCP ikitokea shoti. Ile ya mteja sikuona hata moja ndani yake. Ilipoharibika, volti zilipanda bila kizuizi, diski na mazabodi vikaungua pamoja. Yenye OVP ingejizima.

Ukilazimika kutumia ya bei rahisi, pima waya wa njano kompyuta ikifanya kazi nzito. Ikitoka nje ya volti 11.4 hadi 12.6, ing'oe siku hiyo hiyo.