Wananiambia riba 12% wakati mkopo wenyewe ni 22%

Kusema kweli bado nina hasira na huyu afisa mikopo. Nilikuwa nalinganisha ofa mbili za milioni moja, zote za miezi 12, zote riba ya salio linalopungua. Wao wanasema 12% kwa mwaka, wale wengine 15%. Jamaa akanigeuzia skrini, bosi ona, kwetu rejesho ni 88,849 kwa mwezi, kule utalipa 90,258, sasa unafikiria nini?

Nikamuuliza nasaini milioni, mkononi napata ngapi? Akaanza kuzunguka weee, mwisho ndo anasema kuna ada ya mkopo 30,000 na bima 20,000 na vyote vinakatwa juu kwa juu. Yaani napokea 950,000 halafu riba nalipia milioni nzima!! Wale wa 15% hawana makato yoyote. Piga hesabu, huku narudisha jumla kama 1,066,000 kwa kushika 950,000, gharama 116,000. Kule narudisha 1,083,000 kwa kushika milioni kamili, gharama 83,000. Rejesho dogo ndo mkopo ghali.

Nikiwa hapo hapo nikaandika hii kwenye Excel:

```
=RATE(12,-88849,950000)*12
```

Ikaja 21.9%. Hiyo ndo APR, riba pamoja na makato yote, ikipimwa kwa hela uliyopokea kweli. Wale wengine APR yao ni 15% ile ile maana hawana cha kuongeza. Na usidhani makato ya 5% yanaongeza 5 juu ya 12, hapana, kila mwezi unarudisha kidogo kidogo kwahiyo kwa wastani mwaka mzima unakaa na kama nusu tu ya hela, ada imekaa juu ya hiyo nusu, ndo maana inapanda karibu pointi 10.

Sasa niwe mkweli, hawakuificha. Ukurasa wa mwisho wa mkataba, maandishi madogo kabisa, pameandikwa APR 21.9%. Kwa hilo nilitaka niwape nyota tatu, wapo watoa mikopo ambao hata hiyo hawaandiki, na wengine wanaiandika ila bima wanaiacha nje, kwahiyo lazima uulize ndani yake kuna nini. Ila nilipomwonyesha akasema "hiyo ni ya makaratasi tu bosi, wewe angalia rejesho". Ya makaratasi!

Nikauliza la mwisho, nikimaliza deni ndani ya miezi 6 mtanirudishia sehemu ya ada? Hairudi hata senti. Maana yake ukiwahi kulipa, ada ile ile inabanwa kwenye muda mfupi na gharama halisi inavuka 25%. Nyota moja, nimechukua ule wa 15%.