Uzoefu wangu: kusoma usiku kwenye simu, ukurasa mweusi au mweupe?

Nianze na hukumu, mwenye haraka aichukue aende zake. Kwa chumba chenye mwanga hafifu nimebaki na programu ya kusomea vitabu ya ReadEra kwenye ukurasa wake wa sepia, ile rangi ya karatasi iliyozeeka, mwangaza ukiwa chini sana na Extra dim ya Android, ile inayofifisha skrini zaidi ya kiwango cha kawaida, ikiwa imewashwa. Mandhari meusi nimeyaachia WhatsApp na menyu za simu. Naupa mpango huu nyota nne kati ya tano, na ile moja nitasema imepotelea wapi.

Napanga Nyegezi, Mwanza, chumba na sebule, dirisha linatazama upande wa ziwa. Mtoto akishalala taa ya chumbani haiwashwi tena. Na hata angekuwa macho, kuna msimu wale wadudu wa ziwani wanapokuja kama moshi, na ukiacha taa kali inawaka ndani umewaalika wenyewe. Wavu wa dirisha hauwazuii wote. Kwa hiyo inabaki balbu ya LED ya wati 3 kwenye korido, mlango ukiwa wazi kidogo. Ndani ya chandarua nasoma vitabu vya uhasibu, kurasa zenye maandishi mengi, siyo kupitisha macho tu kwenye picha.

Kila mtu huniambia, "Weka dark mode, macho yatapumzika." Nikiweka, dakika za kwanza ni raha kweli. Baadaye herufi nyeupe zinaanza kumwagika pembeni. Tundu la "e" linaziba, "m" na "n" zinakaribiana, na nikifumba macho naona bado mistari myeupe inaelea. Miwani yangu ni ya astigmatizimu, maana yake kioo cha mbele cha jicho hakikuviringana sawasawa, kwa hiyo nukta moja ya mwanga haitui mahali pamoja ndani ya jicho bali inachorwa kama kamstari. Herufi nyeusi kwenye ukurasa wa mwanga zinavumilia kasoro hiyo. Herufi inayowaka katikati ya giza haivumilii, kwa sababu mwanga wake ndio unaotapakaa kwenye weusi unaoizunguka.

Mboni nayo inachangia. Kwenye mwanga mkali tundu la mboni hubana hadi kama milimita 2, gizani hufunguka hata kufika 7. Likiwa dogo, picha ndani ya jicho inakuwa kali, na kasoro za pembeni za jicho zinazibwa. Ukurasa mweusi ndani ya chumba cheusi unaifungua mboni kabisa, na kila kasoro inaingia kazini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Düsseldorf, Ujerumani, walipima jambo hili na kuchapisha mwaka 2013: vijana na wazee wote waliona herufi ndogo na kukamata makosa ya maandishi vizuri zaidi maandishi yakiwa meusi juu ya ukurasa mweupe.

Sasa mtu atauliza, mbona ukurasa mweupe usiku unachoma? Kinachochoma ni wingi wa mwanga ukilinganisha na chumba, na hapa ndipo watu wengi wanabadili rangi wakati walitakiwa kuvuta kitelezi cha mwangaza. Kipimo changu ni karatasi. Nachukua karatasi nyeupe ya daftari, naishika kando ya simu chini ya mwanga uleule wa korido, nafungua ukurasa mtupu mweupe, kisha nashusha mwangaza mpaka weupe wa simu ukaribie weupe wa karatasi. Simu ikionekana kama dirisha lililofunguliwa mchana, bado iko juu. Karatasi ikiishinda, nimeshusha kupita kiasi na nitaanza kukunja uso. Kabla ya hapo nazima mwangaza unaojirekebisha, maana kihisi chake kiko juu ya kioo na ndani ya chandarua simu ikiegemea mto kinafunikwa na kufunuliwa, basi skrini inapanda na kushuka yenyewe.

Kwa balbu yangu ya wati 3, kitelezi kilifika mwisho wa chini na karatasi bado ilikuwa hafifu kuliko simu. Simu nyingi ziko hivyo. Ndipo Extra dim inapoingia. Imo ndani ya Android tangu toleo la 12 la mwaka 2021, kwenye mipangilio ya Accessibility, na unaweza kuiburuta hadi kwenye vitufe vya juu vya kuvuta kwa kidole. Ina kitelezi chake kinaitwa Intensity. Nikaiweka katikati, nikarudi kwenye karatasi, nikaongeza kidogo, zikalingana. Kisha nikabadili ukurasa kutoka mweupe kwenda sepia, kwa sababu sepia inapunguza mwanga kidogo zaidi bila kuufanya ukurasa kuwa mweusi, na nikaongeza ukubwa wa herufi hatua mbili. Hili la herufi watu hulisahau: gizani jicho halipambanui vitu vidogo kama mchana, hata mpangilio wako uwe sahihi namna gani.

Kuna jambo moja kuhusu Extra dim linalostahili kueleweka. Haipunguzi nguvu ya taa ya skrini. Inapunguza rangi zenyewe kabla hazijafika kwenye kioo. Kwenye kioo cha AMOLED, ambako kila nukta inajiwakia, haileti shida na nyeusi inabaki nyeusi. Kwenye kioo cha LCD, ambacho kina taa moja nyuma inayowaka muda wote, nyeupe inafifia lakini nyeusi inabaki ileile ya kijivu, na mwisho ukurasa unakuwa kama umemwagiwa maji ya majivu. Kwa hiyo LCD iguse kidogo tu.

Kujua una kioo gani ni rahisi. Zima taa zote, fungua picha nyeusi tupu ijaze skrini. AMOLED inapotea gizani hata hujui simu imeishia wapi. LCD inatoa kijivu chenye mwanga, hasa kwenye kona. Nalisema hili kwa sababu ya shemeji yangu. Simu yake ilikuja na AMOLED, ikadondoka, akabadilishiwa kioo mjini kwa bei ya kuvutia. Tangu hapo akawa analalamika kwamba mandhari meusi "yamekufa rangi" na usiku simu inamulika chumba kizima hata ikiwa chini kabisa. Tulipofanya kipimo cha picha nyeusi, kijivu kikatoka. Aliwekewa kopi ya LCD bila kuambiwa. Fundi mwingine alipoiona alicheka tu: "Dada, hiki kioo kinafanya kazi, ila siyo cha simu hii." Ukibadilisha kioo, uliza neno AMOLED kabla ya kulipa, na ufanye kipimo hicho palepale kwa kuifunika simu na kanga.

AMOLED nayo ina ugonjwa wake, na ndio uliokuwa unaniumiza kichwa kabla sijauelewa. Nyingi zinapunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzima haraka sana, na kadiri unavyoshusha kitelezi ndivyo muda wa kuzima unavyorefuka. Jicho halioni kuzima huko, lakini baadhi yetu tunapata kichwa kuuma au macho mazito. Ukitaka kuona, fungua ukurasa mweupe, shusha mwangaza, kisha pitisha kalamu haraka mbele ya skrini gizani. Kalamu ikionekana kama kalamu nyingi zilizopangwa mbalimbali, badala ya ukungu mmoja, skrini inapepesa. Dawa yake ndiyo ile Extra dim, lakini kwa mpangilio wa kinyume: pandisha kitelezi cha kawaida hadi kama katikati, ambako kuzima ni kufupi, halafu teremsha kwa Intensity mpaka karatasi na simu zilingane tena. Mwanga unaofika machoni ni uleule, kupepesa kumepungua. Kwangu hiki ndicho kilichotofautisha kusoma sura nzima na kuacha katikati. Kuna simu ambazo zinapepesa vilevile kila mahali pa kitelezi, hizo mbinu hii haizisaidii; kalamu itakuambia.

Mwanga wa Usiku, ule unaogeuza skrini kuwa ya rangi ya chungwa, nimeujaribu pamoja na sepia. Unatuliza, sikatai, ila viwili pamoja vinafanya ukurasa uwe kama chai, na mistari myekundu ya majedwali inapotea. Nauwasha kidogo tu. Haufanyi kazi ya kushusha mwangaza.

Kwa faili za PDF jiandae. Kuweka simu kwenye mandhari meusi kunageuza fremu ya programu, ukurasa wenyewe unabaki mweupe kwa sababu rangi yake imo ndani ya faili. Adobe Acrobat ina Night mode inayogeuza ukurasa, lakini kwa maandishi marefu ni ile shida yangu ya weupe juu ya weusi. PDF naziacha nyeupe na kutegemea Extra dim.

Siwezi kumwambia kila mtu aache ukurasa mweusi. Mama mkwe wangu ana mtoto wa jicho, na kwake mambo ni kinyume kabisa: lenzi yenye ukungu hutawanya mwanga, kwa hiyo ukurasa mweupe unamjazia jicho utando wa mwanga na herufi zinazama humo. Yeye nimemwekea ukurasa mweusi, herufi kubwa nene, na anasoma mpaka namwomba azime. Mwenye LCD ambayo mwangaza wake haushuki vya kutosha naye atumie mweusi, kwa sababu ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kupunguza mwanga. Kama programu inakupa nafasi ya kuchagua, usichukue nyeusi tupu na nyeupe tupu. Tofauti ya mwanga kati yake ni 21 kwa 1, kiwango cha juu kabisa. Rangi ya mkaa #121212 na herufi za kijivu #E0E0E0 ni kama 14 kwa 1, bado inasomeka vizuri sana na kumwagika kwa herufi kunapungua.

Nyota niliyoikata ni ya Extra dim kutojizima asubuhi. Inabaki pale ulipoiacha, na ukiwa umeruhusu Keep on after device restarts hata kuzima na kuwasha simu hakuiondoi. Unatoka nje, jua la Mwanza linapiga, kondakta anasubiri nauli ya M-Pesa, na skrini ni kipande cheusi. Kitufe chake kiweke mahali pa kwanza kabisa pale juu, ili ukivuta kwa kidole ukipate hata bila kuona.