Uzoefu wangu na ukurasa wa jumla ya delta, theta na vega

Nafanya biashara ya opsheni za soko la Marekani, yaani mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa hadi tarehe fulani, nikiwa Nairobi. Mwezi Juni soko hilo hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwetu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikikagua kila dili peke yake, kisha nakisia tu zote kwa pamoja zimeniweka wapi. Dalali ninayemtumia (simtaji, maana nina ya kumlaumu) ana ukurasa unaojumlisha hesabu za dili zote. Nimeutumia tangu Juni 2025 na ninaupa nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizobaki zimeliwa na vega.

Nilipoanza nilikuwa na dili tatu. SPY, mfuko unaofuata faharasa ya S&P 500, ulikuwa karibu dola 600. Dili la kwanza lilikuwa la siku 40 kwenye SPY hiyo: nimeuza koli, yaani haki ya kununua, na puti, yaani haki ya kuuza, nikanunua nyingine za mbali zaidi ziwe kinga, mikataba mitano. La pili ni koli moja ya SPY niliyonunua, ya mwaka mzima. La tatu ni puti mbili za Nvidia nilizouza, nazo za siku 40, hisa ikiwa karibu dola 150.

Kwenye delta, yaani unapata au unapoteza nini bei ikipanda dola moja, ukurasa ulinifurahisha. Dili la kwanza lilikuwa na delta ya −20, la pili +60, la tatu +60. Ukijumlisha hivyo hivyo unapata 100, lakini hiyo ni kujumlisha maembe na matikiti: dola moja kwenye hisa ya 150 si sawa na dola moja kwenye mfuko wa 600. Ukurasa una kitufe cha kugeuza kila delta iwe ya SPY. Unachukua 60 ya Nvidia, unazidisha kwa beta yake, kipimo cha inavyosogea ukilinganisha na soko (walitumia 2), unazidisha kwa 150, unagawa kwa 600. Inabaki 30. Jumla ya kweli ni 70, yaani nilikuwa kama mtu mwenye hisa 70 za SPY: ikishuka dola moja, napoteza kama dola 70. Beta yenyewe ni ya kihistoria, na siku Nvidia inapotoa hesabu za robo mwaka haina maana yoyote, lakini kwa siku za kawaida inanitosha.

Theta ilisoma +35. Siku ikipita kimya, bei ikitulia, naingiza kama dola 35. Hapo sina neno.

Sasa vega, ambayo kwa taarifa yako wala si herufi ya Kigiriki. Inaonyesha unapata au unapoteza nini mtikisiko wa bei unaotarajiwa ukipanda pointi moja. Dili la kwanza lilikuwa −140, koli ya mwaka +239, Nvidia −34. Ukurasa ukaandika +65, kwa rangi ya kijani. Nikalala usingizi mzuri: soko likichafuka, nitafaidika.

Kosa liko kwenye kule kujumlisha. +65 ina maana tu kama mtikisiko wa siku 40 na wa mwaka mmoja vinapanda kwa kiasi kimoja, jambo ambalo halitokei soko linaposhtuka. Tarehe 5 Agosti 2024 VIX, inayopima mtikisiko unaotarajiwa kwenye opsheni za siku 30 hivi za faharasa ya S&P 500, ilifunga 38.57 baada ya kufunga 23.39 Ijumaa iliyotangulia. Opsheni za mwaka zilisogea kidogo sana ukilinganisha. Nikajaribu kwenye dili zangu: za siku 40 zipande pointi 10, ya mwaka ipande 3. Napoteza 1,400 na 340, napata 717. Hasara dola 1,023, kabla hata ya kuigusa delta, wakati ukurasa unanionyesha kijani. Kibaya zaidi, sehemu yao ya majaribio inapandisha mtikisiko wa tarehe zote kwa pointi sawa, kwa hiyo inarudia uongo ule ule.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Wakanijibu kwamba jumla iko sahihi. Kihesabu, ni kweli.

Sasa kabla soko halijafunguliwa natoa namba zao, naziweka kwenye jedwali langu, vega safu ya C na siku zilizobaki safu ya D:

```
=ROUND(C2*SQRT(30/D2),0)
```

Kila vega inapunguzwa kulingana na umbali wa tarehe yake. −140 inakuwa −121, 239 inakuwa 69, −34 inakuwa −29. Jumla −81. Ni kanuni ya kukadiria tu, na kuchanganya Nvidia na SPY bado kunanikera, lakini angalau alama ya kutoa imerudi mahali pake. Wiki ile nilipunguza dili la kwanza kutoka mikataba mitano hadi mitatu. Jumla ya jedwali langu ikasogea hadi −33, na theta ikapungua kama dola 11 kwa siku.