Jeli ya chunusi naisifia, aliyeniuzia sijamsamehe

Nilinunua adapalini ya 0.1% kwenye duka moja la dawa hapa Arusha, baridi ikiwa ndiyo inaanza. Dada wa kaunta akanipa tyubu: "Paka asubuhi na jioni, paka ya kutosha." Akarudi kwenye simu yake.

Nikapaka ya kutosha! Haikupita wiki, pembe za pua zimechubuka, ngozi ya kuzunguka mdomo inabanduka kama ganda la kitunguu, nikinawa maji matupu yananiwasha kama pilipili. Nikarudi, nikamwambia, "Dada, naungua." Akajibu mbele ya wateja, "Uso wako ndio mbovu, mbona wenzako hawalalamiki?"

Nililia kwenye daladala mpaka Sakina. Jeli nusura niitupe kwenye ndoo ya taka, na siku ile ningeandika kwamba ni sumu.

Binamu yangu anasomea magonjwa ya ngozi Moshi. Nikamtumia picha, akauliza swali moja tu: "Dada, hapo puani na mdomoni huwa unatoka chunusi?" Hapana. "Basi hapo umeungua. Ila hivyo vipele vya kidevuni, mahali panapokutoka siku zote, ni vile vilivyokuwa vimejificha chini, dawa inavitoa juu. Hivyo vumilia."

Akaniambia nisipake kitu zaidi ya mafuta mpaka kuwasha kuishe. Halafu nianze upya, usiku tu, Jumatatu na Alhamisi. Uso uwe mkavu kabisa, nipake losheni isiyo na manukato, kisha jeli kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, siyo kudonoa kila kipele, nikikwepa macho, midomo na pembe za pua. Kisha losheni tena juu. Baada ya wiki mbili bila kuwashwa, usiku mmoja napaka, mmoja naacha.

Kidevu kilizidi kuharibika karibu mwezi mzima, sitawadanganya. Mwezi wa tatu tangu nianze upya ndipo nikaanza kujitazama kwenye kioo bila kuzima taa.

Na jua! Arusha tunadanganywa na ubaridi, kumbe jua la juu huku linachoma hata kukiwa na mawingu. Ngozi ikishachubuka, jua linaacha madoa meusi, na sisi weusi madoa hayo hukaa miezi. Mimi ninayo mawili puani mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyenitajia mafuta ya jua. Sasa kila asubuhi napaka ya SPF 30, na kofia juu.

Kwa hiyo jeli ni nzuri. Nzuri sana, nimeikosea. Duka lile sikanyagi tena. Juzi nimenunua tyubu ya pili kwingine, na kaka wa pale, kabla hata ya kupokea hela, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Samahani dada, una ujauzito au unatarajia? Maana hii mjamzito hatumii." Yule wa kwanza hata hilo hakuniuliza.