Kurekodi sauti kwa simu: chagua 48 kHz na 16-bit, halafu uangalie maiki yako

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tuna programu mbili za kurekodi sauti: Voice Recorder inayokuja na simu za Samsung, na Easy Voice Recorder, ambayo mwenye simu yoyote ya Android anaweza kuipakua. Hatutazizungukia zote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tunaingia sehemu moja tu, ile ya mipangilio, kwa sababu hapo ndipo anayerekodi kwa mara ya kwanza anakutana na 44.1 kHz, 48 kHz, 16-bit, 256 kbps, kisha anabonyeza namba kubwa kuliko zote akiamini ndiyo bora.

Tuanze na hiyo namba ya kHz, ambayo kwenye skrini utaiona imeandikwa Sample rate. Kwa Kiswahili tuite kiwango cha sampuli.

Fikiria nguzo iliyosimama baharini pale gatini, imechorwa mistari ya kupimia kina. Mawimbi yanapita, maji yanapanda na kushuka kwenye nguzo. Wewe una daftari, kila baada ya muda fulani unatupa jicho na kuandika maji yamefika mstari gani. Simu inafanya hivyo hivyo na sauti yako: maiki inatikiswa na hewa, na simu inaandika namba moja kila inapotupa jicho. Idadi ya kutupa jicho kwa sekunde moja ndiyo kiwango cha sampuli. 48 kHz maana yake ni mara 48,000 kwa kila sekunde.

Sasa, ukitazama nguzo mara moja tu kwa kila wimbi, kila ukiangalia utakuta maji yako kileleni, na daftari lako litasema bahari imetulia. Ili ujue kwamba kuna wimbi, unahitaji zaidi ya mara mbili: uone maji yakiwa juu, uyaone yakiwa chini. Kwa hiyo simu inayochukua sampuli 48,000 inaweza kushika mitikisiko inayofikia karibu 24,000 kwa sekunde, yaani nusu yake. Sikio la binadamu mwenye masikio mazima linaishia kama 20,000, na umri ukisogea linashuka. Basi 48 kHz inameza kila kitu unachoweza kusikia, na bado inabaki nafasi kidogo.

Je, ukishuka chini inakuwaje? Hapa tumerekodi sentensi moja mara mbili kwa Easy Voice Recorder, simu ileile, mahali palepale. Sentensi yenyewe: "Sisi si fisi." Sikiliza ya kwanza, imerekodiwa kwa 8 kHz. Umesikia? "Sisi" na "fisi" zimekuwa kama neno moja. Sasa sikiliza ya pili, 48 kHz. Hapo s imesimama peke yake na f peke yake.

Sababu ni hii. Irabu zetu, a, e, i, o, u, nguvu yake kubwa iko chini, kwenye mitikisiko mia kadhaa hadi elfu mbili tatu. Lakini s ni upepo mkali unaopita kwenye meno, na sehemu kubwa ya upepo huo iko juu ya 4,000. Ukirekodi kwa 8 kHz, nusu yake ni 4,000, kwa hiyo kinachoitofautisha s na f kimekatwa kabla hakijafika kwenye faili. Ndiyo maana kwenye simu ya kawaida ukitaja jina la mtu inabidi useme "S ya Sudani" au "F ya furaha". Na kilichokatwa hakirudi. Hata ukiibadilisha faili ya 8 kHz kuwa 48 kHz baadaye, unapata faili kubwa yenye "fisi" yuleyule.

Juu ya 48 je? Ukipata programu yenye 96 kHz, faili inakuwa kubwa mara mbili kwa ajili ya sauti ambazo hakuna msikilizaji wako atakayezisikia. Kwa maneno ya mtu, iache.

Na 44.1 kHz? Hicho ndicho kiwango cha CD za muziki, kinafika 22,050, na kwa sauti ya mtu hutasikia tofauti yoyote na 48. Tunapendekeza 48 kwa sababu moja: video hutumia 48. Ukirekodi maelezo kwa 44.1 halafu ukayaweka chini ya video, programu nyingi za kuhariri zitabadilisha zenyewe bila tatizo. Lakini ikitokea programu ikasoma sampuli za 44.1 kana kwamba ni za 48, maelezo ya dakika 10 yataisha kwenye dakika 9 na sekunde 11, na sauti yako itapanda juu kidogo, kama mtu mwenye haraka. Ukisikia hivyo, usirekodi upya. Rudi kwenye faili ya asili na uiambie programu kwamba ni ya 44.1.

Turudi kwenye nguzo yetu, sasa tuangalie ile mistari. Hiyo ndiyo Bit depth, kina cha biti. Kama nguzo ina mistari minne tu, unaandika "karibu na wa tatu", na makosa ya kukadiria yanageuka kuwa mchakacho kwenye sauti. Biti 16 zinakupa mistari 65,536. Biti 24 zinakupa zaidi ya milioni 16. Zingatia jambo moja ambalo watu wengi hulikosa: nguzo haijawa ndefu. Urefu wake ni uleule, mistari tu ndiyo imesogeleana.

Kwa hiyo ukipiga kelele karibu na maiki, wimbi linapita juu ya ncha ya nguzo, na simu haina namba ya kuandika. Inaandika ile ya mwisho tena na tena. Angalia hapa kwenye picha ya sauti, tumeivuta karibu: kilele ambacho kingekuwa mviringo kimekuwa bapa, kama kimekatwa kwa panga. Huko ndiko kupasuka kwa sauti. Biti 24 haziponyi hilo hata kidogo.

Zinachosaidia biti nyingi ni upande wa chini, kwenye sauti ndogo sana. Kila biti inaongeza kama desibeli 6, kwa hiyo biti 16 zina desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na mchakacho wake. Sasa tupige hesabu ya kurekodi kwa kawaida. Umeacha nafasi ya desibeli 12 juu ili ukicheka usipasue. Umebakiwa na 84. Maiki ndogo ya simu ina mvumo wake yenyewe, na kwa nyingi nafasi yake haizidi sana desibeli 65. Ongeza feni, ongeza friji, ongeza bodaboda nje. Mchakacho wa biti 16 umezama chini kabisa ya hayo yote. Ukiongeza sauti ya faili hafifu na ukasikia "shhh", hiyo ni feni na maiki. Rekodi kwa biti 24 na utaisikia ileile, kwenye faili iliyoongezeka nusu nzima ya ukubwa wake.

Basi kinachofanya kazi ni umbali. Weka simu shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya p na b isipige moja kwa moja kwenye maiki. Sema sentensi yako yenye sauti kubwa kuliko zote kama jaribio. Vilele vya picha ya sauti vifike kati ya robo na nusu ya nafasi iliyopo. Vikigusa ukingo, sogeza simu nyuma.

Tuje kwenye programu zenyewe. Kwenye Voice Recorder ya Samsung, bonyeza vitone vitatu, ingia Settings, kisha Recording quality. Simu nyingi zinaonyesha High yenye 256 kbps na 48 kHz, Medium yenye 128 kbps na 44.1 kHz, na Low yenye 64 kbps na 44.1 kHz. Chagua High. Ile kbps si kina cha biti, na hapa watu wengi sana wanapotea. Ni kiasi cha data inachoruhusiwa faili kutumia kwa kila sekunde baada ya kubanwa, kwa kuwa programu hii inatoa m4a, faili iliyobanwa. Kwa 256 kbps dakika moja ni kama MB 1.9, saa nzima ni kama MB 115. Kwa masimulizi au somo ambalo hutalihariri sana, inatosha.

Easy Voice Recorder inakuruhusu kuchagua wav, ambayo haijabanwa, na hapo ndipo namba zote mbili zina maana kamili. Hesabu yake ni rahisi:

```
48000 x 16 x 1 / 8 = 96000
```

Sampuli 48,000, biti 16, chaneli moja, gawa kwa 8 upate baiti kwa sekunde. Dakika moja ni MB 5.76, saa moja karibu MB 346. Ukiiacha kwenye stereo, yaani chaneli mbili, inazidishwa mara mbili, na mdomo wako ni mmoja, kwa hiyo weka mono. Kama utasafisha kelele na kukatakata, tunaipa wav nafasi ya kwanza, kwa sababu faili iliyobanwa ikihaririwa na kubanwa tena inapoteza kidogo kila mara.

Kuna kosa moja ambalo mipangilio haitakuonyesha. Ukirekodi kupitia maiki ya hedifoni za Bluetooth za kawaida, mara nyingi njia ya mazungumzo inabeba sampuli 16,000 tu, na za zamani 8,000. Simu bado inaandika faili ya 48 kHz, na ukurasa wa maelezo ya faili utasema 48 kHz. Fungua faili hiyo kwenye kompyuta kwa programu ya Audacity, badilisha mwonekano uwe Spectrogram, picha inayoweka mitikisiko ya chini chini na ya juu juu. Hii ya kushoto imetoka kwenye maiki ya simu, s zinapanda hadi juu kama moshi. Hii ya kulia ni ya Bluetooth: kila kitu kimeishia kwenye 8,000, juu yake ni giza tupu, mstari umenyooka kama rula. Ukiona mstari huo, zima Bluetooth, tumia maiki ya simu yenyewe au ya waya, na urudie.

Na ukimaliza, usimchezee mhariri wako faili hiyo kwenye spika ili airekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua Document, utume wav yenyewe.