Uzoefu wangu na Truecaller na Getcontact: jina linalotokea linathibitisha nini

Nimekuwa nikitumia Truecaller kwa muda mrefu, na Getcontact kwa vipindi, programu za simu zinazokuonyesha jina la namba usiyoijua, kwa sababu kazi yangu inanilazimu kupokea simu za watu nisiowajua. Zote mbili zinafaa, na ninazipendekeza kwa mtu atakayezitumia kwa kuelewa zinachofanya. Ninachoandika hapa kinahusu zaidi jambo ambalo watumiaji wengi hulipita haraka: jina likishatokea kwenye kioo cha simu, limetoka wapi, na unaruhusiwa kuamini kiasi gani.

Truecaller ilianzishwa Stockholm, nchini Uswidi, mwaka 2009. Haina mkono kwenye daftari la usajili wa laini la Vodacom, Airtel, Yas, Halotel wala TTCL, na haioni taarifa zako za NIDA. Majina yake hutoka mahali pengine. Baadhi huandikwa na wenye namba wenyewe wanapojisajili, na mtu anaweza kujiandika jina lolote alitakalo. Mengine yametokana na watu waliohifadhi namba hiyo kwenye simu zao, au watumiaji waliopendekeza jina baada ya kupigiwa. Biashara zilizohakikiwa na kampuni yenyewe huonekana kwa rangi ya kijani na alama ya tiki. Rangi ya dhahabu huwavutia wengi, lakini ni huduma ya kulipia tu.

Getcontact hutofautiana kidogo, kwa kuwa hukuonyesha lebo kadhaa ambazo watu mbalimbali wameiwekea namba ileile. Ukikuta namba moja imehifadhiwa kama "Fundi Friji Mbagala", "Fundi AC" na "Fundi wa friji za dukani", una ushahidi mzuri kuliko jina moja tupu, kwa sababu watu wasiojuana wamefika mahali pamoja. Ukikuta lebo moja tu, huna tofauti kubwa na kumwuliza mpita njia.

Nieleze tukio moja kwa kirefu, kwa maana linaonyesha uwezo wa programu hizi na mwisho wake. Niliingiwa na ujumbe kutoka namba nisiyoijua, wa aina ambayo kila mpangaji wa Dar es Salaam ameshawahi kuiona: mtumaji alijitambulisha kuwa ni mwenye nyumba, akasema simu yake ya siku zote ina tatizo, na akaniomba ile kodi niitume kwenye namba hiyohiyo, akataja na jina litakalotokea. Kodi yangu ilikuwa kweli inakaribia, kwa hiyo sikuweza kuufuta tu kama takataka.

Nilianza na Truecaller. Niliandika namba kwa ukamilifu wake, nikianza na +255 na kuondoa sifuri ya mwanzo, ili utafutaji usichanganye nchi. Jina lililotokea lilikuwa la kike, likifuatiwa na neno "Saluni". Hapakuwa na rangi nyekundu wala taarifa yoyote ya utapeli. Getcontact ikanipa lebo mbili, moja ikimtaja dada wa saluni wa Tabata na nyingine ikimtaja mama wa kusuka. Kisha nikafungua menyu ya M-Pesa kwa `*150*00#`, nikaanza hatua za kutuma kiasi kidogo kwenye namba hiyo, na kabla ya kuthibitisha likatokea jina la mwanamume, lilelile lililotajwa kwenye ujumbe. Nikasitisha muamala hapo.

Sasa nilikuwa na majibu mawili yanayopingana, na ni rahisi sana katika hali hiyo kuchagua lile linaloendana na ulichokwisha kuwaza. Mtu mwenye wasiwasi angesema msusi wa Tabata ni tapeli. Mtu mwenye haraka angesema jina la M-Pesa limelingana na ujumbe, basi ni salama. Hitimisho zote mbili hazina msingi.

Jina la saluni linathibitisha jambo moja tu: wakati fulani, watu fulani waliijua namba hiyo kama ya msusi. Halisemi ni lini. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa na mtandao na kuuzwa upya kwa mteja mwingine, ilhali lebo za zamani hubaki palepale kwenye programu kwa sababu waliozihifadhi hawajazifuta. Inawezekana pia kuwa msusi huyo bado anaitumia, na laini ilisajiliwa na mumewe au kaka yake, jambo ambalo ni la kawaida kabisa katika familia zetu. Hata kama namba ni yake leo, bado hatujui nani ameshika simu. Kulisambaza jina lake kwenye kundi la wapangaji kama jina la mwizi kungekuwa kumwonea mtu ambaye huenda hajui chochote.

Jina la M-Pesa nalo ni zito zaidi kwa upande mmoja, kwa sababu linatokana na usajili, na tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa zilianza kuzimwa. Lakini linakuambia jina la aliyesajili, na hapo ndipo linapoishia. Wapo watu waliosajiliwa laini wasizozijua baada ya kuweka kidole mara mbili au tatu kwa wakala, na ndiyo sababu kila mtu anashauriwa kupiga `*106#` kukagua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zaidi ya hayo, kulingana kwa jina na ujumbe hakuna maana yoyote ya ukweli, kwa kuwa mtapeli anajua vizuri jina lililopo kwenye laini yake, naye hulitaja mapema makusudi ili likitokea upate utulivu. Swali la maana lilikuwa kama jina hilo ni la mwenye nyumba wangu, na halikuwa lake.

Hata hilo peke yake halikutosha, kwani mwenye nyumba angeweza kutumia laini ya mwanawe. Kilichomaliza jambo ni kuchukua mkataba wa pango, kutafuta namba iliyoandikwa humo, na kuipiga. Mzee alipokea kwa mlio wa pili na kusema simu yake haina tatizo lolote. Nikauripoti ujumbe ule pamoja na namba yake kwa 15040, ambayo ndiyo namba ya kuripotia utapeli, na kazi ya kumtafuta mhusika nikawaachia wanaoweza kuomba taarifa za usajili kutoka mtandao kwa njia ya kisheria.

Rangi nyekundu inastahili tahadhari ya upande wa pili. Namba huwa nyekundu baada ya watumiaji kuiripoti, na watu huripoti kwa sababu nyingi. Niliwahi kupigiwa na namba nyekundu yenye ripoti kadhaa, na mpigaji alikuwa mhudumu wa vifurushi vya basi aliyekuwa na mzigo wangu kutoka Mbeya. Mtu wa kazi ile huwapigia wageni kutwa nzima. Wengine hukasirika kwa kupigiwa alfajiri, wengine hudhani wanatapeliwa, na kila mmoja hubonyeza. Kwa hiyo mimi hutazama idadi ya ripoti na maoni yaliyoandikwa chini yake, kwa sababu maoni yanayoeleza mbinu ileile kwa maneno tofauti yana uzito ambao rangi peke yake haina. Na ukosefu wa rangi nyekundu ninauhesabu kama sifuri. Laini iliyoanza kutumika juzi haina historia, na tapeli hubadilisha laini kabla ripoti hazijajaa.

Kuna mambo mengine mawili ambayo programu hazikwambii waziwazi. La kwanza ni mtandao unaoonyeshwa pembeni ya namba. Tangu Machi 2017 Tanzania inaruhusu mteja kuhama mtandao na namba yake, hivyo namba inayoanza na 075 inaweza kuwa leo iko Airtel, na mtu anayedai anapiga kutoka mtandao fulani hathibitishwi wala hakanushwi na tarakimu za mwanzo. La pili ni zito zaidi: programu hutafuta namba iliyofika kwenye simu yako, na namba hiyo inaweza kughushiwa na anayepiga kwa njia ya intaneti. Hapo utaona jina halisi la mtu halisi ambaye hakukupigia. Ndiyo maana simu inayodai kutoka benki au huduma kwa wateja, hata ikija na jina zuri, mimi huikata na kupiga mwenyewe namba iliyoandikwa nyuma ya kadi au ile rasmi ya mtandao. Nikipiga mimi, simu inakwenda kwa mwenye namba hiyo, hata kama aliyenipigia mwanzo aliighushi.

Kuhusu matumizi ya kila siku, Truecaller ni nyepesi na hunipunguzia usumbufu wa simu za matangazo, ingawa bila bando haiwezi kutafuta namba ngeni na toleo la bure lina matangazo mengi. Ujue pia kwamba ukifungua wasifu wa mtu, naye akiwa analipia, anaweza kuona kuwa umemtazama. Hili ni la kufikiria kabla ya kuchunguza namba ya mtu anayekutishia. Getcontact ni nzuri zaidi kwa kulinganisha lebo, lakini huomba kusoma majina yote uliyoyahifadhi kwenye simu. Majina hayo ni ya shangazi, wagonjwa, wateja na majirani ambao hawakuulizwa, na tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayolichukulia jambo hili kwa uzito. Mimi huisakinisha kwenye simu ya pili isiyo na majina, nikamaliza ninachotafuta, kisha ninaifuta.

Mwisho, itafute namba yako mwenyewe. Nilipofanya hivyo nilikuta jina la kazi niliyoiacha zamani bado limening'inia pale, na yeyote ninayempigia alikuwa akilisoma. Truecaller wana ukurasa wa kuomba kuondolewa kwenye orodha, `truecaller.com/unlisting`. Kwanza unafunga akaunti yako kama unayo, kisha unaingiza namba pamoja na +255. Kwa anayetaka kubaki, kurekebisha jina ndani ya wasifu kunatosha.